Nyutrofili, limfositi, eosinofili: ipi imepanda, na inasema nini?

Karatasi ya FBP, kipimo kinachohesabu seli za damu, ikitoka kwenye mashine ina mistari ishirini na zaidi, lakini jicho la mwenye damu huenda moja kwa moja kwenye herufi H, inayosema namba iko juu ya kikomo, kama L inavyosema iko chini. Akiiona H pembeni ya LYM%, anaambiwa na jirani kwamba ana virusi. Mwenzake akiiona pembeni ya NEU%, anapitia duka la dawa kuomba antibayotiki. Wa tatu ana H kwenye EOS%, naye anameza dawa ya minyoo usiku huohuo. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na swali hili naulizwa dirishani kila wiki: kati ya aina hizi tatu za seli nyeupe za damu, yangu ni ipi, na inaelekea wapi?

Nitaziweka kando kwa kando na kuzipima kwa mizani moja. Lakini mizani yenyewe lazima ijulikane kwanza, maana wengi hukosea hata kabla hawajafika kwenye ugonjwa.

## Mizani tutakayotumia

Idadi halisi, si asilimia. Fikiria daladala lenye abiria kumi, sita kati yao wanawake. Hiyo ni asilimia 60. Basi la mkoani lina abiria sitini, wanawake ishirini na nne. Hiyo ni asilimia 40 tu, ingawa wanawake ni wengi mara nne. Mgawanyo wa seli nyeupe uko hivyohivyo: asilimia inaweza kupanda kwa sababu seli za aina nyingine zimepungua, wala si kwa sababu hizi zimeongezeka. Idadi halisi hupatikana hivi:

```
LYM# = WBC × LYM% ÷ 100
```

WBC ni jumla ya seli nyeupe zote. Mashine nyingi hukufanyia hesabu hiyo na kuiandika kwenye mistari yenye alama #. Huo ndio mstari wa kusoma. Namba zote ninazotaja hapa ni bilioni kwa lita, yaani 10^9/L. Karatasi yako ikiwa na 10^3/µL, usibadilishe kitu, namba ni ileile.

Umri na hali ya mwenye damu. Mtoto wa mwaka mmoja, mjamzito wa miezi minane na mzee wa miaka 75 hawapimwi kwa kiwango kimoja. Mashine hujua umri pale tu mtu aliyeingiza taarifa alipojali kuuandika.

Muda. Kilichopanda leo asubuhi kina maana tofauti na kilichokuwa juu miezi mitatu iliyopita na bado kiko juu.

Slaidi. Mashine huhesabu, lakini haioni kila kitu. Tone la damu likipakwa kwenye kioo, likapigwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha kama seli ni changa, zimekomaa, zimechokozwa au si za kawaida kabisa.

Kuna jambo moja la mitambo ambalo wagonjwa hawaambiwi. Vituo vingi vidogo vina mashine inayogawa seli nyeupe mafungu matatu tu: LYM, MID na GRAN. Hapo eosinofili hazina mstari wao. Kutegemea mashine, zimefichwa ndani ya MID au zimechanganywa na nyutrofili ndani ya GRAN. Karatasi kama hiyo haiwezi kukuambia lolote la uhakika kuhusu eosinofili. Ukiona mistari mitano, yaani NEU, LYM, MON, EOS na BAS, hapo ndipo ulinganisho wa tatu hizi unawezekana. Usipoiona, omba slaidi.

## Nyutrofili zikipanda

Kiasi gani? Kwa mtu mzima, maabara nyingi huweka kikomo cha juu karibu 7.5. Kuanzia hapo kwenda juu tunaiita nyutrofilia.

Hupandishwa na nini? Nyutrofili ni askari wa zamu. Hukaa kwenye damu saa chache tu, kisha huingia kwenye tishu na kufia huko. Usaha wa jipu, kwa sehemu kubwa, ni mizoga yake. Bakteria wakivamia, uboho hufungua ghala na idadi hupanda ndani ya saa chache. Nimonia, kidole tumbo, jipu na maambukizi ya figo huleta picha ya namna hii: WBC 16.4, NEU% 84, NEU# 13.8. Mara nyingi eosinofili nazo hushuka hadi karibu na sifuri, na hiyo ni alama ndogo inayosahaulika. Kwenye slaidi utaona nyutrofili changa ambazo kiini chake bado kimejikunja kama kiatu cha farasi, hazijagawanyika vipande. Tunaziita bendi. Ndani ya nyingine kuna chembechembe nzito zilizokolea rangi. Vitu hivyo viwili vikionekana pamoja kwa mtu mwenye homa, bakteria wanakuwa washukiwa wa kwanza.

Hudanganya vipi? Kwa njia nyingi kuliko zile mbili nyingine. Karibu nusu ya nyutrofili zilizomo mishipani hazielei na damu. Zimejibanza kwenye kuta za mishipa. Ukikimbia, ukiogopa sindano, ukipata maumivu makali au ukimeza prednisoloni, zile zilizojibanza huachia ukuta na kuingia kwenye mkondo. Hesabu inaweza kuongezeka karibu maradufu pasipo mdudu hata mmoja mwilini. Mgonjwa wa pumu aliyechomwa haidrokotisoni usiku, akatolewa damu asubuhi, karatasi yake itafanana sana na ya mwenye nimonia. Dalili ya kuzitofautisha ni kwamba steroidi, kundi la dawa hizo mbili, peke yake kwa kawaida haileti bendi nyingi, na wakati huohuo hushusha limfositi na eosinofili.

Kuungua, upasuaji, mshtuko wa moyo na uvutaji wa sigara navyo huzipandisha. Ujauzito pia: WBC ya 15 katika miezi ya mwisho haishangazi, na wakati wa uchungu hupanda zaidi ya hapo. Nimeona mama aliyejifungua jana akianzishiwa dripu ya antibayotiki kwa sababu ya namba hiyo pekee, bila homa wala dalili yoyote.

Uongo wa mwisho ni wa upande wa pili, yaani kutopanda wakati ulitegemea zipande. Homa ya tumbo ni ya bakteria, lakini mara nyingi nyutrofili huwa za kawaida au chini kidogo. Malaria nayo kwa kawaida haizipandishi. Na mgonjwa ambaye bakteria wameshaingia kwenye damu na kumlemea anaweza kuwa na nyutrofili chache kabisa, kwa kuwa ghala limekwisha. Huyo ni wa hatari kuliko mwenye 20.

Humhusu nani zaidi? Mwenye homa ya ghafla, maumivu ya mahali pamoja au kidonda. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, mwenye namba iliyopanda kiasi, jambo la kwanza ni kumuuliza anatumia dawa gani na anavuta sigara ngapi. Ikifika makumi mengi na slaidi ikaonyesha hatua zote za ukuaji, kuanzia seli changa kabisa hadi zilizokomaa, pamoja na basofili zilizoongezeka na wengu uliovimba, hapo tunafikiria saratani ya damu ya aina sugu, na mgonjwa hapaswi kungoja wiki.

## Limfositi zikipanda

Kiasi gani? Zaidi ya 4.0 kwa mtu mzima. Sehemu ya "mtu mzima" isirukwe. Kuanzia wiki chache baada ya kuzaliwa hadi karibu miaka mitano, limfositi ndizo zinazotawala damu ya mtoto, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hata 9 inaweza kuwa hali yake ya kawaida. Siku moja nilimtolea mama karatasi ya mwanawe wa mwaka mmoja na nusu ikiwa na H nyekundu kwenye limfositi. Nilikuwa nimesahau kuingiza umri, mashine ikamlinganisha na mtu mzima. Mama aliondoka amekunja uso, na nilipogundua ilibidi nimfuate hadi getini. Mtoto alikuwa na 6.2 na mafua tu.

Hupandishwa na nini? Kwa sehemu kubwa, virusi: vile vinavyoleta homa ya tezi kwa vijana, koo likiuma na shingo ikijaa tezi, na vile vya homa ya ini. VVU katika wiki za mwanzo vinaweza kuleta picha hiyohiyo, wakati ambapo kipimo cha haraka kinaweza bado kusoma hasi. Kwenye slaidi limfositi hizi huwa kubwa kuliko kawaida, zina mwili mpana wa samawati, na kingo zake hujipinda kuzizunguka seli nyekundu za jirani. Zimechokozwa, si za saratani, ingawa anayeziona kwa mara ya kwanza hushtuka.

Kuna bakteria mmoja anayevunja kanuni, naye ni wa kifaduro. Sumu yake huzuia limfositi zisitoke kwenye damu kwenda kwenye tezi, zikarundikana mishipani kama abiria waliofungiwa kituoni. Kichanga mwenye kikohozi cha kupaliwa, mwenye limfositi 25 au 40, si wa kuambiwa "ni virusi, kitapita". Kadiri namba inavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka kwake.

Hudanganya vipi? Uongo wake mkubwa ni ule wa asilimia, na kwetu una mizizi ya kurithi. Tazama karatasi hii ya kijana mzima, mwenye afya, aliyepima kwa ajili ya ajira:

```
WBC   3.9  L
NEU%  34   L     NEU#  1.33  L
LYM%  53   H     LYM#  2.07
MON%  9          MON#  0.35
EOS%  3          EOS#  0.12
BAS%  1          BAS#  0.04
```

Aliambiwa limfositi zake ziko juu. Haziko juu. LYM# ni 2.07, katikati kabisa ya kawaida. Kilichotokea ni kwamba nyutrofili zake ni chache, kwa hiyo fungu la limfositi limeonekana kubwa, kama lile daladala.

Na kwa nini nyutrofili ni chache? Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Dafi kwenye seli zao nyekundu. Kukosa alama hiyo huwakinga na malaria ya aina ya vivaksi, na huambatana na nyutrofili chache kwenye damu bila kuongeza maambukizi. Vipimo vya watu wazima wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, vilivyochapishwa 2009, vilionyesha kwamba kikomo cha chini cha nyutrofili kwao kiko karibu na 1.0, si 2.0 ya vitabu vya Ulaya. Mashine nyingi bado zimepangiwa vikomo vya huko. Ndiyo maana H ya LYM% ndiyo H ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Humhusu nani zaidi? Kijana mwenye koo na tezi, mtoto mwenye kikohozi kirefu, na, kwa sababu tofauti kabisa, mzee. Mtu wa miaka 65 ambaye LYM# ni 12 leo na ilikuwa 11 miezi minne iliyopita, bila homa, hana mafua ya miezi minne. Kwenye slaidi limfositi zake huwa ndogo, zinafanana kama zimetoka kiwanda kimoja, na nyingi zimepasuka wakati wa kupaka zikabaki kama madoa. Hiyo ni sura ya saratani sugu ya limfositi. Haimuui mtu wiki hii, na wengine huishi nayo miaka bila dawa, lakini inahitaji kuthibitishwa na daktari wa damu. Katika maeneo ya malaria kuna pia wengu mkubwa unaotokana na malaria ya kurudiarudia, nao unaweza kuleta limfositi nyingi zinazofanana na hizo. Magonjwa haya mawili yamewahi kuchanganywa.

## Eosinofili zikipanda

Kiasi gani? Zaidi ya 0.5. Hadi 1.5 tunasema imepanda kidogo, kutoka hapo hadi 5 imepanda wastani, na kuvuka 5 ni kali. Hizi ni namba ndogo, kwa hiyo WBC ya jumla inaweza kubaki kawaida kabisa. Mtu mwenye WBC 7.0 na EOS% 15 ana eosinofili 1.05, mara mbili ya kikomo, ilhali mstari wa juu wa karatasi hauna H yoyote.

Hupandishwa na nini? Minyoo na mzio, halafu dawa. Kwa minyoo, kuna siri moja inayopunguza makosa mengi: eosinofili huitikia mnyoo anayepita kwenye nyama ya mwili, si yule aliyetulia ndani ya utumbo. Askari wanaona kinachovuka mpaka. Safura anapopenya ngozi, mchango anapopita mapafuni kabla ya kurudi tumboni, kichocho anapohama, minyoo ya matende na mabusha: hao huzipandisha. Tegu aliyekomaa tumboni anaweza asizipandishe kabisa. Na amiba na jiadia, ambao si minyoo, kwa kawaida hawazipandishi, kwa hiyo H ya eosinofili isitumike kuthibitisha amiba.

Mzio wa pua, pumu na pumu ya ngozi huleta kupanda kidogo, mara chache kuvuka 1.5. Dawa zinaweza kuvuka hapo. Allopurinoli, kabamazepini, fenitoini, nevirapini na kotrimoksazoli ziko kwenye orodha. Wiki mbili hadi nane baada ya kuanza dawa, mtu akipata upele, homa, uso kuvimba na eosinofili kupanda, huyo arudi hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu ini linaweza kuwa linaumia pamoja na ngozi.

Hudanganya vipi? Kwa kujificha. Nimeshasema kuhusu mashine ya mafungu matatu. Steroidi huzifuta: mtu mwenye minyoo aliyepewa deksamethasoni anaweza kusoma 0.0. Malaria kali na maambukizi makali ya bakteria nayo huzishusha, kisha zikarudi juu baada ya tiba, na mgonjwa anayepona akadhaniwa amepata ugonjwa mpya. Hata saa ya kutoa damu ina nafasi yake, kwa kuwa zipo chini asubuhi na juu usiku.

Na hesabu ya mkono ina mipaka yake. Tukihesabu seli 100 kwenye slaidi tukapata eosinofili 10, ukweli wa damu nzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 18. Ndiyo maana ukipima leo 10 na kesho 7 kwa mkono, sitakuambia zimeshuka.

Humhusu nani zaidi? Mwenye kuwashwa, kikohozi kikavu kisicho na homa kubwa, aliyeogelea au kulima pekupeku, au aliyeanza dawa mpya. Isiyo na sababu inayoonekana, ikakaa juu ya 1.5 kwa muda mrefu, inahitaji moyo kuangaliwa, kwa kuwa chembechembe za eosinofili zinaweza kujeruhi misuli yake.

## Karatasi moja, hatua kwa hatua

Sasa tuziweke zote tatu mezani kwa mtu mmoja. Huyu nimemtunga kutokana na wengi wa namna yake. Ni mwanachuo wa miaka 21, mzaliwa wa Arusha. Alikwenda Ukerewe kwa rafiki yake, akaoga ziwani siku nne. Wiki tano baadaye ana homa za jioni, kikohozi kikavu, vipele vinavyowasha na tumbo linalokata. Malaria imesoma hasi mara mbili. Kipimo cha Widali kimesoma chanya, akapewa dawa ya taifodi, haikusaidia. Anapima damu:

```
WBC   11.8  H
NEU%  41          NEU#  4.84
LYM%  19   L      LYM#  2.24
MON%  5           MON#  0.59
EOS%  34   H      EOS#  4.01  H
BAS%  1           BAS#  0.12
```

Anayesoma mstari wa kwanza tu anasema: WBC imepanda, kuna homa, ni bakteria. Lakini NEU# ni 4.84, kawaida kabisa. Kwa bakteria wa kumpa homa wiki nzima ningetegemea hiyo ndiyo ipande. LYM% ina L, ila LYM# ni 2.24, nayo kawaida. Asilimia imeshushwa na wengine walioongezeka. Aliyepanda ni mmoja tu: eosinofili, 4.01, mara nane ya kikomo. Kwa kiasi hicho mzio wa kawaida unaanza kuonekana mdogo mno kama maelezo, na hakuwa na dawa mpya kabla ya homa kuanza.

Inabaki minyoo inayosafiri mwilini. Maji ya Ziwa Viktoria, wiki tano, homa na kikohozi: huo ni mtindo wa kichocho cha mwanzo, ambacho huwapata zaidi wageni kuliko watu waliokulia ziwani, kwa kuwa mwili wa mgeni ndio unaokutana nacho kwa mara ya kwanza. Choo chake kilipimwa, mayai hayakuonekana. Hapo wengi hufuta wazo lote, na hapo ndipo wanapokosea. Minyoo ya wiki tano ndiyo kwanza inakomaa, mayai yanaweza kuwa hayajaanza kutoka. Choo kinapaswa kurudiwa wiki chache mbele, kwa sampuli zaidi ya moja. Na hata akipewa prazikwanteli mapema, dozi lazima irudiwe baadaye, maana dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga.

Angalia pia ambacho karatasi haikufanya. Haikusema "kichocho". Ilisema eosinofili 4.01 na nyutrofili za kawaida. Ziwa, wiki tano na Arusha vilitoka mdomoni mwa mgonjwa.

## Ukiwa na karatasi yako mkononi

Kama asilimia ina H lakini mstari wa # hauna, hakuna kilichopanda. Uliza tu kilichoshuka ni nini. Kama kilichoshuka ni nyutrofili, ziko kati ya 1.0 na 2.0, na huna homa wala vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, tafuta karatasi zako za zamani. Zikisoma hivyohivyo miaka mitatu iliyopita, huo ni urithi wako, na mwambie hivyo kila daktari mpya. Zikiwa chini ya 1.0, au zilikuwa 4 mwaka jana, hiyo ni habari nyingine, ya kupelekwa kwa daktari.

Kama nyutrofili zimepanda na una homa au maumivu ya mahali maalumu, nenda uonwe leo. Karatasi inaunga mkono dalili zako. Kama huna dalili, umekunywa steroidi, umejifungua juzi au ulikimbilia maabara ukihema, rudia baada ya mwili kutulia kabla ya kununua antibayotiki.

Kama limfositi zimepanda kwa mtoto, kwanza angalia kama umri umeandikwa. Ukiwa umeandikwa na mtoto anakohoa hadi kutapika au kukosa pumzi, usisubiri. Kwa kijana mwenye tezi, slaidi na kipimo cha VVU, kinachorudiwa baada ya wiki kadhaa, vitamsaidia kuliko antibayotiki. Kwa mzee asiye na dalili, rudia baada ya wiki sita hadi nane. Zikibaki juu, aende kliniki ya damu.

Kama eosinofili zimepanda kidogo na una mafua ya mzio ya miaka nenda rudi, haraka haipo. Zikivuka 1.5, andika kwenye kipande cha karatasi mambo matatu kabla ya kumwona daktari: dawa ulizoanza ndani ya miezi miwili iliyopita, maji uliyoogelea, na udongo uliokanyaga bila viatu. Na kama kuna mpango wa kukuanzishia steroidi kwa sababu yoyote, omba kwanza upimwe strongiloidi au upewe ivermektini. Mnyoo huyo anaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi, na kinga ikishushwa huongezeka hadi kuua. Dokta aliyeandika prednisoloni anaweza kuwa hajaiona hiyo EOS#. Mwonyeshe.